Moyo Mmoja, Miguu Miwili

Katikati ya miaka ya 1970, kwenye Taasisi ya August Krogh jijini Kopenhagen, Denmaki, watu sita walipewa zoezi lisilo la kawaida. Walipanda baiskeli ya maabara, ile isiyokwenda popote, wakawa wanakanyaga pedali kwa mguu mmoja peke yake. Mguu wa pili ulikaa tu. Walifanya hivyo kwa miezi miwili. Kisha mtafiti Jan Henriksson akawataka wakanyage kwa miguu yote miwili, kila mguu ukibeba nusu ya kazi, kwa muda wa karibu saa nzima. Mirija myembamba ilikuwa imepitishwa kwenye mishipa mikubwa ya mapaja ili kuchota damu inayoingia na inayotoka katika kila mguu.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halimwachii mtu nafasi ya kubisha. Miguu yote miwili ilikuwa inalishwa na moyo mmoja, mapafu yale yale, damu ile ile, na mtu mwenyewe alikuwa amekula chakula kile kile. Hata hivyo haikufanya kazi kwa namna moja. Mguu uliofunzwa ulichoma mafuta zaidi na sukari kidogo, na damu iliyotoka humo ilibeba asidi laktiki kidogo kuliko damu ya mguu wa pili. Kama ustahimilivu ungekuwa jambo la kifua tu, miguu hiyo isingetofautiana hata kidogo.

Anayeshinda mbio ndefu watu humsifu kwa pumzi, na wengi huamini kwamba siri yake imo mapafuni. Ukweli ni kwamba mapafu hubadilika kidogo sana kwa mazoezi. Popote palipo karibu na usawa wa bahari, damu inayotoka mapafuni huwa imejaa oksijeni kwa takribani asilimia 97, awe mwenye damu hiyo ni bingwa wa marathoni au ni karani asiyepanda hata ngazi. Ni wakimbiaji wachache tu wa kiwango cha juu kabisa ambao mapafu yao huanza kuzidiwa, tena wanapokimbia kwa nguvu zao zote. Kwa sisi wengine, mapafu yana akiba ya kutosha na kubaki. Anayehema na kushika magoti baada ya kilomita mbili hajakosa hewa kifuani. Ni misuli yake ya miguu iliyoshindwa kuitumia vizuri oksijeni inayoletewa.

Kujua kinachotokea ndani ya msuli wa mtu aliye hai hakukuwa rahisi mpaka mwaka 1962, pale daktari wa Kiswidi, Jonas Bergström, alipoanza kutumia sindano nene yenye tundu la ubavuni. Sehemu ya nje ya paja hutiwa ganzi, ngozi hukatwa kidogo, sindano huingizwa, na kinatoka kipande cha nyama chenye uzito wa sehemu ya kumi ya gramu au pungufu. Waliowahi kufanyiwa hueleza kwamba hakiumi sana bali kinasukuma kwa namna isiyopendeza. Kipande hicho hugandishwa, hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Karibu kila kitu tunachokijua kuhusu misuli ya wakimbiaji kimetoka kwenye vipande hivyo. Katika mguu uliofunzwa, vipande hivyo huonyesha mabadiliko makubwa mawili: mitokondria zimeongezeka ndani ya nyuzi za msuli, na kapilari zimeongezeka kuzizunguka.

Mitokondria ndiyo sehemu ya seli inayotumia oksijeni tunayovuta. Ndani yake, mabaki ya sukari na mafuta huchomwa polepole, hatua kwa hatua, na nishati inayopatikana hutumika kutengeneza ATP, kemikali ambayo msuli huivunja kila unapojikunja. Katika paja la mtu asiyefanya mazoezi, mitokondria huchukua takribani asilimia 5 ya ujazo wa uzi wa msuli. Kwa waliofanya mazoezi ya kustahimili kwa miaka mingi, kiwango hicho huweza kukaribia kuwa maradufu. Michoro ya vitabu vya shule huzionyesha kama vidonge vilivyotawanyika kila kimoja peke yake, lakini katika msuli nyingi huwa zimeungana na kufanya mtandao uliotambaa katikati ya nyuzi.

Aliyethibitisha kwamba mazoezi huziongeza ni John Holloszy, daktari wa Chuo Kikuu cha Washington jijini St. Louis, Marekani. Mwaka 1967 alichapisha matokeo ya panya waliokimbizwa kwenye mkanda wa mashine siku tano kwa wiki, muda ukiongezwa kidogo kidogo mpaka wakafikia saa mbili kwa siku. Baada ya wiki 12, uwezo wa misuli yao ya miguu wa kutumia oksijeni ulikuwa umekaribia kuwa mara mbili ya ule wa wenzao waliokaa vizimbani. Walipopimwa ustahimilivu, panya wasiofunzwa walichoka baada ya kama nusu saa. Waliofunzwa waliendelea kwa karibu saa tatu.

Hapo ndipo penye fumbo ambalo wengi huliruka. Tuchukue mtu anayekimbia kwa mwendo unaodai lita 2 za oksijeni kwa dakika. Akifanya mazoezi kwa miezi mitatu, kisha akakimbia tena kwa mwendo ule ule kabisa, atatumia oksijeni kiasi gani? Karibu lita 2 zile zile. Kazi ni ile ile, na gharama yake katika oksijeni haibadiliki sana. Sasa kama oksijeni haijaongezeka, hizo mitokondria za ziada zinafanya nini?

Jibu la Holloszy lilikuwa kwamba tuangalie namna mzigo unavyogawanywa. Msuli ukivunja ATP, yanabaki mabaki yaitwayo ADP. ADP ikirundikana, inakuwa ishara kwa mitokondria kwamba ATP inahitajika upesi. Fikiria lori la magunia 100 lililofika sokoni. Wachukuzi wakiwa kumi, kila mmoja ana safari kumi, na msimamizi itabidi apige kelele sana ndipo lori liishe kwa wakati. Wakiwa ishirini, kila mmoja ana safari tano, na kelele kidogo tu zinatosha. Magunia ni yale yale, na yamekwisha kwa muda ule ule. Kilichopungua ni kelele. Katika msuli, ADP ndiyo kelele zenyewe.

Tatizo ni kwamba kelele hizo husikika na upande mwingine. Kuna njia ya pili ya kutengeneza ATP, nayo ni kuvunja sukari haraka bila kusubiri oksijeni. Njia hiyo ipo nje ya mitokondria, na nayo huamshwa na ADP pamoja na kemikali zinazofuatana nayo. Kwa mtu mwenye mitokondria chache, ADP hupanda juu, sukari huvunjwa kwa kasi kuliko mitokondria zinavyoweza kuipokea, na kinachozidi hutoka kama asidi laktiki. Kwa aliyefunzwa, ADP hubaki chini. Sukari huvunjwa taratibu, mafuta yanapata nafasi ya kuchomwa, na asidi laktiki haipandi. Kwa hiyo oksijeni ni ile ile, lakini hali ndani ya uzi wa msuli ni tofauti kabisa.

Niseme kidogo kuhusu asidi laktiki, kwa sababu imesingiziwa mengi. Maumivu ya paja siku mbili baada ya kukimbia hayatokani nayo, maana huwa imeshaondoka mwilini ndani ya saa moja au mbili. Tena si taka. Moyo na nyuzi nyingine za misuli huichukua na kuichoma kama mafuta ya taa safi, zikitumia mitokondria hizo hizo. Kipimo chake kwenye tone la damu ya kidole kina manufaa kwa kocha kwa sababu kinaonyesha pale ambapo uvunjaji wa sukari umeanza kuishinda kasi ya mitokondria.

Faida ya kuchoma mafuta inaonekana vizuri zaidi kwenye marathoni. Glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, hutoa takribani kilokalori 2,000 kwa mtu wa kawaida aliyekula vizuri. Kilomita 42 hudai zaidi ya hapo kwa watu wengi, ndiyo maana miguu huanza kukataa karibu na kilomita ya 30. Mafuta ya mwilini, hata kwa mtu mwembamba, yana nishati ya siku nyingi. Lakini mafuta hayana njia ya mkato: lazima yapite kwenye mitokondria, na lazima yapate oksijeni. Kila sehemu ya nishati inayotoka kwenye mafuta inaokoa glikojeni ya kilomita za mwisho.

Badiliko la pili liko nje ya uzi wa msuli. Taasisi ile ya Kopenhagen ilipewa jina la August Krogh, mwanafiziolojia wa Denmaki aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1920 kwa kazi yake kuhusu kapilari, mishipa midogo kuliko yote. Krogh alitaka kujua jambo lililoonekana dogo: oksijeni ikishatoka kwenye damu, inafikaje katikati ya msuli? Hakuna pampu huko. Inatawanyika yenyewe kutoka ilikojaa kwenda isikojaa, na kila sehemu ya umbali inaipunguza kasi. Alihesabu kapilari za misuli ya wanyama, akapima umbali kati ya moja na nyingine, na hesabu za namna oksijeni inavyopungua kadiri inavyokwenda mbali na kapilari alisaidiwa na Agner Erlang, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu. Wanafunzi wa fiziolojia wanaisoma hesabu hiyo mpaka leo.

Kapilari ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja, nyingine zikijikunja ili zipenye. Hapo ndipo himoglobini inapoachia oksijeni. Kwenye damu inayofika msulini, mgandamizo wa oksijeni ni kama milimita 95 hadi 100 za zebaki. Ndani ya uzi wa msuli unaofanya kazi kwa nguvu huwa chini ya 5. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayoivuta oksijeni. Lakini chembe nyekundu ikipita upesi mno, au kapilari ikiwa mbali mno na mitokondria, oksijeni nyingine itarudi nayo moyoni bila kutumika.

Katika msuli wa paja wa mtu asiye na mazoezi, ukitazama uzi mmoja uliokatwa kwa upande, utahesabu kama kapilari nne zinazougusa. Kwa mkimbiaji wa siku nyingi ni tano hadi sita, wakati mwingine zaidi. Mwaka 1977, katika taasisi ile ile, Per Andersen na Henriksson waliwapa vijana watano zoezi la baiskeli la dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa wiki nane. Kapilari kwa kila eneo la msuli ziliongezeka kwa takribani asilimia 20. Vimeng'enya vya mitokondria viliongezeka kwa kama asilimia 40. Na kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili mzima uliweza kutumia kwa dakika kiliongezeka kwa asilimia 16.

Kapilari za ziada hufupisha umbali, hilo ni wazi. Lakini kazi yake nyingine, ambayo pengine ni kubwa zaidi, ni kuipa damu muda. Damu ile ile ikigawanywa kwenye mishipa mingi zaidi, inapita kila mmoja kwa kasi ndogo. Kapilari zikiongezeka kwa sehemu moja ya tano na damu inayoingia isibadilike, kila chembe nyekundu inakaa msulini kwa muda ulioongezeka kwa sehemu hiyo hiyo moja ya tano. Na moyo wa aliyefunzwa ukisukuma damu nyingi zaidi, kapilari hizo ndizo zinazoizuia isipite mbio kabla ya kutua mzigo wake.

Kuhesabu kapilari kuna mtego wake. Ukihesabu idadi kwa kila milimita mraba ya msuli, nyuzi zikikonda tu, kapilari zitasogeleana na hesabu itapanda, ingawa hakuna hata moja iliyoongezeka. Ndivyo ilivyoonekana kwa wapanda milima waliorudi kutoka Himalaya. Misuli yao ilikuwa na kapilari zilizosongamana, na kwa muda watu walidhani hewa haba ya juu huotesha kapilari. Watafiti wa Uswisi walipochunguza zaidi waliona kwamba nyuzi zilikuwa zimepungua unene, na mitokondria nazo zilikuwa zimepungua. Kwa sababu hiyo wachunguzi makini huhesabu kapilari kwa kila uzi. Na hapo tunajifunza kitu kingine: kukaa mlimani peke yake hakujengi mitokondria. Kinachozijenga ni kazi.

Tazama tena zile namba za Kopenhagen. Vimeng'enya asilimia 40, uwezo wa juu asilimia 16. Mbona havikwenda pamoja? Hapa ndipo moyo unaporudi kwenye habari yetu. Lita moja ya damu hubeba takribani mililita 200 za oksijeni. Kijana asiyefunzwa, akikimbia kwa nguvu zote, moyo wake husukuma kama lita 20 kwa dakika, kwa hiyo anapelekewa lita 4 za oksijeni. Mwili wake huchukua kama mililita 150 kutoka kila lita, yaani lita 3 kwa dakika. Misuli ikiboreka mpaka ichukue mililita 165, jambo ambalo liko karibu na ukomo, atapata lita 3.3. Zaidi ya hapo hakuna cha kunyonya, kwa sababu damu nyingine lazima iende kwenye ubongo, ngozi na viungo vingine. Ili apate lita 4 na zaidi, sharti moyo wenyewe usukume lita 25 au 30.

Bengt Saltin, Mswidi aliyekuwa mwalimu wa wengi katika uwanja huu, alilithibitisha hili pamoja na Andersen mwaka 1985. Walimkalisha mtu kitini akawa anarusha mguu mmoja mbele kwa kutumia misuli ya mbele ya paja tu, yenye uzito wa kilo mbili au tatu hivi. Msuli huo, ukiwa peke yake, ulipokea zaidi ya lita 2 za damu kwa kila kilo kwa dakika. Mtu ana kilo 25 hadi 30 za misuli. Kama yote ingedai kiasi hicho kwa pamoja, moyo ungetakiwa kusukuma lita zaidi ya 50 kwa dakika, na hakuna moyo wa binadamu unaofika huko. Kwa maneno mengine, misuli tayari ina uwezo wa kupokea kuliko moyo unavyoweza kutoa. Kwa hiyo mitokondria za ziada hazimpandishi mtu dari lake la oksijeni kwa kiasi kikubwa. Zinamwezesha kukaa karibu na dari hilo kwa muda mrefu bila kuungua sukari yote.

Saltin huyo huyo alileta vifaa vyake Kenya, akafanya kazi na wakimbiaji wa Bonde la Ufa, wakiwemo wanafunzi wa Shule ya Upili ya St. Patrick's iliyoko Iten, kwenye kimo cha karibu mita 2,400. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yaliwasikitisha waliotarajia kukuta misuli ya ajabu. Uwezo wa juu wa oksijeni wa wakimbiaji bora wa Kenya ulilingana na wa wenzao wa Skandinavia. Aina za nyuzi zao zilifanana pia. Tofauti zilizoonekana zilikuwa hizi: kimeng'enya kimoja cha kuchoma mafuta kilikuwa na nguvu zaidi, asidi laktiki ilikuwa chini wanapokimbia kwa bidii, na walitumia oksijeni kidogo kwa kila kilomita. Hilo la mwisho linahusiana zaidi na miguu myembamba, hasa mashavu ya miguu, kuliko na kapilari. Mimi huona jambo hili linatia afya kichwani, kwa sababu linamzuia mtu kudhani kwamba mitokondria ndizo zinazoeleza kila medali.

Mwili unajuaje kwamba unapaswa kujenga? Msuli ukijikunja, madini ya kalsiamu humwagika ndani ya uzi, na ATP hushuka kidogo. Mambo haya mawili huamsha vimeng'enya ambavyo huamsha protini iitwayo PGC-1 alfa. Hiyo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi za mitokondria kwa pamoja. Inabidi ziwe kwa pamoja, kwa kuwa mitokondria hujengwa kwa maagizo ya pande mbili. Zina jeni zao chache zenyewe, tunazozirithi kwa mama, zinazotoa protini 13 tu. Protini nyingine mamia kwa mamia huagizwa na kiini. Mitokondria mpya haitoki patupu: iliyopo hupokea protini, hurefuka, kisha hugawanyika. Kapilari nazo huchipua kutoka kwenye zilizopo, au moja hujigawa katikati ikawa mbili. Kinachoziamsha ni damu inayosugua kuta zake kwa kasi, msuli unaovutwa, na oksijeni inayopungua, na ujumbe hupelekwa na protini iitwayo VEGF. Ishara hizi zote huwaka ndani ya saa chache baada ya zoezi moja, kisha huzimika. Zoezi moja halikuachii kitu cha kuonekana. Yanayorudiwa kwa wiki nne mpaka sita ndiyo yanayoacha.

Sharti moja halina msamaha: uzi usiofanya kazi haubadiliki. Ndilo lililoonekana kwenye ule mguu wa pili, na ndivyo ilivyo hata ndani ya msuli mmoja. Ukikimbia taratibu, mwili hutumia nyuzi za polepole, zile nyekundu, na za kasi hubaki zimelala. Kuna njia mbili za kuziamsha. Ya kwanza ni kukimbia muda mrefu mpaka glikojeni ya nyuzi za polepole ipungue, ndipo nyingine ziitwe kusaidia. Ya pili ni kuongeza kasi. Kwa hiyo ukienda Iten utawakuta mabingwa wakikimbia asubuhi kwa mwendo ambao hata mgeni mwenye mazoezi ya wastani angeweza kuufuata kwa muda, kisha Alhamisi kundi kubwa linatoka kwenye barabara ya vumbi kwa fatleki, dakika za kasi zikipishana na za kupunguza. Hawafanyi kasi kila siku, nayo ina sababu yake.

Mwaka 2021 watafiti wa Stockholm walichapisha jaribio la wiki nne. Kikundi kidogo cha watu wenye afya kilifanya mazoezi ya vipindi vikali vya baiskeli, kiasi kikiongezwa kila wiki. Wiki mbili za kwanza mitokondria ziliboreka. Wiki ya tatu, vipindi vikali vilipofika jumla ya dakika 152, uwezo wa mitokondria kutumia oksijeni ulianguka, na miili yao ikaanza kuchelewa kuondoa sukari kwenye damu. Mazoezi yalipopunguzwa wiki ya nne, hali ilianza kurudi. Mtu hana sindano ya Bergström nyumbani, lakini dalili anazo: mwendo uliokuwa wa mazungumzo unageuka wa kuhema, saa inaonyesha umepungua kasi ingawa umeongeza juhudi, na usingizi unakuwa wa shida. Kinyume chake kipo pia. Mitokondria zikikua, njia ile ile kwa mwendo ule ule inaruhusu sentensi nzima pale uliposhindwa kusema maneno matatu, na nusu ya mwisho ya mbio ndefu haianguki mbali na nusu ya kwanza.

Ukiacha, vitu haviondoki kwa pamoja. Edward Coyle na wenzake, mwaka 1984, waliwafuatilia watu saba waliokuwa wamefanya mazoezi kwa miaka, kisha wakasimama kabisa kwa siku 84. Uwezo wa juu wa oksijeni ulishuka asilimia 7 katika siku 21 za kwanza, hasa kwa sababu damu yenyewe ilipungua na moyo ukapata kidogo cha kusukuma. Vimeng'enya vya mitokondria vilishuka kwa takribani asilimia 40 kabla ya mwezi wa pili kwisha, ingawa havikufika chini kama vya watu wasiowahi kufanya mazoezi. Kapilari hazikupungua karibu hata kidogo. Lakini wale walikuwa wakongwe. Kwa vijana wa wiki nane kule Kopenhagen, kimeng'enya kimoja cha mitokondria kilirudi kilikoanzia ndani ya wiki mbili tu za kupumzika.

Kwa hiyo mkimbiaji aliyelazwa na malaria, kisha akapona na kuanza upya baada ya wiki tatu, atakutana na mambo mawili kwa nyakati mbili. Siku za kwanza mapigo ya moyo yatakuwa juu kwa sababu maji ya damu yamepungua, nayo hurejea ndani ya wiki moja au mbili za mazoezi mepesi. Mitokondria zinataka mwezi na zaidi. Katikati ya hapo kuna siku ambazo kifua kimeshatulia na mapigo yameshuka, mtu anajiona amerudi, anatoka na wenzake kwa kasi ya zamani, na kilomita kumi za kwanza zinampa haki. Ni kuanzia hapo ndipo nyuzi za paja, zenye kapilari zake zote na mitokondria pungufu, zinapoanza kuimaliza sukari.